Daftari la kodi la babu: linachosema na lisichosema

"Shikamoo mzee. Kwenye sanduku la baraza la zamani kijijini kwetu, upande wa Magu, tumekuta daftari la kodi la 1927 hadi 1933, lina majina 212. Naandika maelezo ya nusu ukurasa ya kubandika shuleni na kusoma kwenye kikao cha ukoo. Nimeandika kuwa babu yangu Kulwa alizaliwa 1911, maana jina lake linaanza 1927 na kodi ilianza miaka 16. Kuwa 1931 hakulipa kwa umaskini. Kuwa 1932 alioa mke wa pili, maana safu ya vibanda inasema 2. Na kuwa pacha wake Doto alifariki mdogo, maana hayumo. Watu wa kijiji nimekadiria elfu moja, nimezidisha kwa tano. Nakutumia picha za kurasa mbili. Mjomba naye anataka kulitumia daftari kwenye ugomvi wa shamba. Niko sahihi?"

Marahaba, mwalimu. Picha zimefika na zinasomeka vizuri, isipokuwa kona moja iliyoliwa na mchwa. Nianze na huyo mke wa pili, kwa sababu ndiye atakayekuharibia kikao.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana kwenye kazi ya kutunza nyaraka, nilisimama mbele ya ukoo mmoja nikawatangazia kuwa babu yao alikuwa na wake watatu. Nilikuwa nimeona tarakimu 3 kwenye daftari kama lako. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani akaniuliza, "Hao wengine wawili walipikia wapi?" Sikuwa na jibu. Baadaye, nilipolisoma daftari vizuri, nikagundua yule mzee alikuwa akilipia deni la miaka miwili pamoja na kodi ya mwaka ule. Tangu siku hiyo sisomi mstari wa mtu mmoja kabla sijasoma safu nzima ya mwaka, kuanzia juu hadi chini.

Hebu fanya hivyo kwenye ukurasa wako wa pili. Una majina 38. Shuka na safu ya 1931: wanaume 14 wana kinukta cha penseli tu, hawana namba ya stakabadhi kwa wino. Babu yako ni mmoja wao. Sasa hamia 1932 uwatafute hao hao 14. Wawili wameandikwa "amehama", mmoja "amekufa", na 11 waliobaki wote wana tarakimu 2. Nenda 1933: wote 11 wamerudi kwenye 1. Wanaume kumi na mmoja hawawezi kuoa wake wa pili mwaka mmoja halafu wakaachika wote mwaka unaofuata. Hilo ni deni la 1931 lililolipwa 1932.

Ukikuza picha kwenye kisanduku cha babu utaona karani mwenyewe alikuachia ushahidi. Kuna namba mbili za stakabadhi, moja juu ya nyingine, na ile ya juu imefuatiwa na mstari wa mshazari na 31. Safu imeandikwa "vibanda" juu, lakini karani hakuwa na mahali pengine pa kuonyesha kuwa mtu huyu amekata stakabadhi mbili, kwa hiyo akaweka 2 hapo hapo. Madaftari haya yalitengenezwa kwa ajili ya kulinganisha fedha iliyo sandukuni na stakabadhi zilizokatwa. Hayakutengenezwa kwa ajili yetu sisi wajukuu.

Wenye wake wengi wapo kweli kwenye ukurasa huo, na wanaonekana kwa namna nyingine kabisa. Sheria ya Kodi ya Vibanda na Vichwa ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1922 ilimtoza mwanaume kwa kila kibanda, na kwa desturi zetu kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Tazama wale watano wenye 2 au 3 tangu 1927 hadi mwisho wa daftari bila kuyumba. Hao ndio. Hata kwao usiandike "alikuwa na wake wawili" moja kwa moja, kwani nyumba ya pili ingeweza kuwa ya mjane wa kaka aliyerithiwa. Andika "alilipia nyumba mbili". Tarakimu inakuruhusu ufike hapo tu.

Kuhusu 1931 na umaskini: ni kweli mwaka huo kodi yake haikuingia kwa wakati, lakini ukiandika "kwa umaskini" umempa babu tabia ambayo daftari halikumpa. Watu 14 kati ya 38 hawakulipa mwaka mmoja. Hiyo ni hali ya kijiji. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulikuwa umeshaporomosha bei ya pamba, na kwa watu wa upande wenu pamba ndiyo iliyokuwa njia rahisi ya kupata shilingi taslimu. Kodi ilidaiwa kwa fedha.

Kinyume chake pia kiangalie. Wale 24 waliolipa 1931 usiwaite matajiri. Kodi hii ilikuwa sawa kwa wote wenye kibanda kimoja. Mwenye ng'ombe mia mbili na mke mmoja aliandikiwa 1, na asiye hata na mbuzi akaandikiwa 1 vile vile. Ng'ombe hawamo humu, shamba halimo, deni la dukani halimo. Na wewe ni wa huku, unajua mifugo ya mtu haikai zizini kwake yote. Mingine imewekeshwa kwa jamaa na marafiki vijiji vya mbali. Hata mwanangwa, kiongozi wa kijiji, hakuijua hesabu yake. Aliyelipa 1931 huenda aliuza ng'ombe wake wa mwisho, na aliyechelewa huenda alikataa tu kuuza ng'ombe kwa bei ya hasara akasubiri msimu. Daftari linaonyesha shinikizo liliwabana watu wengi mwaka gani. Halionyeshi nani alikuwa na kitu na nani hakuwa nacho.

Sasa kuna jambo umeliruka, nalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Rudi kwenye mstari wa babu, 1927 na 1928. Karani ameandika "kichwa", siyo "kibanda". Maana yake babu alikuwa mwanaume mzima asiye na nyumba yake, anakaa kwa baba au kwa ndugu, akatozwa kodi ya kichwa. Mwaka 1929: "hayupo". Mwaka 1930 kuna namba ya stakabadhi yenye tarakimu nyingi kuliko za wenzake, na pembeni neno "Tanga". Mwaka 1931, "kibanda".

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mwaka unaofuata, kwenye ukurasa wako peke yake, wanaume saba "hawapo". Siwezi kuapa kuwa reli ndiyo iliyowachukua, na wewe usiape, lakini vitu hivyo viwili vikae karibu kwenye maelezo yako, msomaji aone mwenyewe. Lililo wazi ni hili: 1930 babu alilipa kodi yake Tanga. Namba ile isingefika kwenye daftari la Magu kama hakurudi nayo. Mtu aliyelipa ugenini alitakiwa kutunza karatasi yake aionyeshe nyumbani, la sivyo angetozwa tena. Kwa hiyo ile namba uliyoipita ndiyo alama ya babu yako kijana akiwa amesimama mbele ya karani, anafunua kitambaa au mfuko, anatoa kikaratasi kilichosafiri naye kutoka pwani.

Alifanya nini Tanga? Wasukuma na Wanyamwezi wengi walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, na dau langu liko hapo. Lakini angeweza pia kuwa mpishi, kuli wa bandarini au kibarua wa reli. Daftari linajua alipolipa tu, halijui alichotolea jasho. Andika "alikuwa Tanga mwaka 1930, huenda kwenye mkonge", na hilo "huenda" lisifutwe hata mjomba akikasirika.

Aliporudi akahesabiwa kibanda. Ukoo wenu una hadithi ya ndoa yake? Kama bibi mkubwa aliolewa wakati huo, basi ile 1 ya mwaka 1931 ni nyumba yake. Ndivyo wanawake wanavyoonekana humu. Wamo kwenye karibu kila mstari, lakini wamo kama tarakimu.

Hilo linanifikisha kwa Doto, na hapa mwalimu umeteleza mahali ambapo hata mimi ningeteleza kama nisingekuwa na dada pacha nyumbani. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na kwetu hayachagui jinsia. Kulwa anaweza kuwa mvulana na Doto msichana. Daftari hili ni la walipa kodi, yaani wanaume waliohesabiwa kuwa watu wazima. Kama Doto alikuwa msichana, angeweza kuishi miaka tisini, akazaa watoto kumi, asionekane kwenye ukurasa hata mmoja. Kutokuwemo kwake kuna maelezo mengi: alikuwa mwanamke, alifariki mdogo, alihamia kwa wajomba akaandikwa kwa mwanangwa mwingine, au yumo humu humu kwa jina jingine, la ubatizo au la babu aliyemrithi. Kifo ni moja tu kati ya hayo, na wala siyo lenye nguvu zaidi.

Tena shuka mistari minne chini ya babu. Kuna Shija mwenye jina la baba lile lile, na anaanza kuonekana 1931 kama "kichwa". Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha. Hapo daftari limesema kitu kizuri bila kukusudia: kwenye nyumba ile walizaliwa mapacha, kisha akafuata mtoto wa kiume, na huyo wa kiume alihesabiwa mtu mzima miaka minne au zaidi baada ya Kulwa. Hilo liandike. Majina yetu hubeba habari ambayo karani hakuiomba. Angalizo moja tu: watu hurithi majina ya mababu, kwa hiyo si kila Kulwa ni pacha. Kwa babu yako ukoo unajua kuwa alikuwa pacha, na Shija huyu anaongeza uzito.

Mwaka wa kuzaliwa usiuandike. Hata kama sheria ilitaja umri, nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Umri wa kodi ulikuwa umri wa kuonekana. Wazee niliowahoji miaka ya nyuma walisimulia walivyotazamwa ndevu, kimo, hata makwapa. Kijana mwenye mwili aliandikwa mapema, na mwembamba akaachwa misimu miwili. Mwanangwa naye alikuwa na sababu zake. Mtoto wa dada yake alionekana mdogo kwa muda mrefu kidogo, na mtoto wa mtu aliyegombana naye alikua haraka. Zaidi ya hayo, 1927 ndio mwaka wa kwanza wa daftari hili. Babu angeweza kuwemo kwenye daftari lililotangulia, ambalo hatunalo. Kwa kuwa bado alikuwa "kichwa" na Shija akamfuata miaka minne au zaidi baadaye, mimi ningeandika "alizaliwa pengine kati ya 1905 na 1912", na nisingegombana na mtu anayesogeza hapa au pale.

Watu elfu moja nao waondoe. Majina 212 ni ya miaka saba yakichanganywa pamoja, wakiwemo waliokufa na waliohama kabla ya wengine kuingia. Hesabu wanaume walio hai na waliopo kwa mwaka mmoja, kwa mfano 1928, uandike idadi hiyo kwa jina lake: "walipa kodi". Kuzidisha kwa tano ni mchezo wa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya wa kikoloni. Serikali ya wakati ule ilikadiria watu kwa njia za namna hiyo kwa sababu haikuwa na sensa ya kweli. Ya kwanza ya kuridhisha Tanganyika ilifanyika 1948. Na jina la marehemu lilikaa daftarini kuliko unavyodhani, maana kulifuta kulimlazimu mwanangwa kujieleza bomani kwa nini fedha imepungua.

Umeniomba nikwambie kama uko sahihi. Afadhali nikuonyeshe ningeandika nini. Ningeandika hivi:

"Hili ni daftari la kodi la kijiji chetu, 1927 hadi 1933. Liliandikwa na karani kwa maelezo ya mwanangwa, ili boma lijue nani amelipa. Limeorodhesha wanaume waliohesabiwa kuwa watu wazima. Wanawake, watoto na wazee waliosamehewa kodi hawakuandikwa kwa majina, hivyo kutomwona mtu humu si ushahidi kuwa hakuwepo. Idadi ya vibanda haionyeshi utajiri. Mwaka 1932 tarakimu 2 kwa wengi ni deni la 1931, mwaka ambao watu 14 kati ya 38 wa ukurasa huu walichelewa kulipa, bei ya pamba ikiwa imeanguka. Kulwa alitozwa kodi ya kichwa 1927 na 1928, hakuwepo 1929, alilipa Tanga 1930, na tangu 1931 alihesabiwa kuwa na nyumba yake. Shija, mwenye jina la baba lile lile, anaonekana kuanzia 1931. Pacha wa Kulwa, Doto, hayumo. Familia bado inamtafuta."

Hayo yanatosha nusu ukurasa. Ukibandika, kata kwenye picha safu ya mwisho ya maelezo. Nimeona kwenye ukurasa wako wa kwanza mtu mmoja ameandikiwa ugonjwa kama sababu ya kusamehewa, na mwingine neno "mtoro". Wajukuu wao wanasoma hapo hapo shuleni kwako. Anayetaka kuona mstari wa babu yake aje, uulize nyumbani kwao kwanza, ndipo umwonyeshe.

Daftari lenyewe usilitie gundi ya karatasi, usilipige pasi, usilifunge kwenye mfuko wa plastiki. Joto la huku na unyevu wa ziwa vitalioza humo ndani. Lifunge kwa kitambaa safi cha pamba, ulilaze, lisisimame. Mchwa wameshaanza, kwa hiyo hili usilifanye kwa maelekezo ya simu: lipeleke ofisi ya Nyaraka za Taifa hapa Mwanza wakaliangalie kwa macho. Nyaraka ya baraza ni ya umma, na wao ndio wenye wajibu nayo. Mweleze mwenyekiti wa kijiji kabla hujaliondoa, mwandikishiane, na ubaki na picha za kurasa zote.

Umegusia mwishoni mwa barua kuwa mjomba anataka kulitumia kwenye ugomvi wa shamba. Mwambie asubiri. Kuandikwa kibanda kwa mwanangwa fulani kunaonyesha mtu alitozwa kodi eneo lile mwaka ule. Hakuna mpaka, hakuna mti, hakuna jirani aliyetajwa. Linaweza kusaidia maneno ya mashahidi kuwa ukoo ulikaa pale, lakini haliwezi kusimama peke yake. Akutane na mwanasheria ana kwa ana akiwa na karatasi zake zote, na aanzie halmashauri ya kijiji, ambayo ndiyo inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila.

Kuhusu Doto, kuna mahali pawili pa kutazama kabla hujachapa. Wamisionari wa Bukumbi walikuwepo tangu 1883, na vitabu vya ubatizo, tofauti na daftari la kodi, huandika wanawake kwa majina yao na huandika jina la mama. Muulize paroko wa kwenu vitabu vya zamani vya eneo lenu viko parokia gani. Lakini kwanza anzia nyumbani, kwa bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Usimuulize "Doto alikufa lini?" Muulize, "Doto aliolewa wapi?" Kisha nyamaza, umpe muda.